Hundi imebaunsi, nyingine imechacha: unaandikaje kwenye daftari la fedha na kwa mdaiwa?

Leo tuongelee hundi. Najua wengi mtasema, "Mimi wateja wangu wote wanalipa kwa lipa namba, hundi ya nini?" Sawa. Lakini subiri siku utakapopata oda ya shule, ya saccos, ya kamati ya harusi au ya ofisi fulani inayotaka fulana sitini zenye nembo yake. Hao hawakutumii hela kwa simu. Wanakuandikia hundi, unaenda kuichukua, unarudi nyumbani umefurahi, unaandika kwenye kaunta buku kwamba umelipwa. Hapo ndipo pa kuangalia, maana hundi ni karatasi ya kuiambia benki ilipe. Mpaka benki ilipe, wewe bado unadai.

Nitatumia kisa cha dada mmoja wa Mwananyamala anayeuza fulana na sare za michezo mtandaoni. Alinitumia picha za kaunta buku yake na kuniuliza swali moja: "Mbona daftari linasema nina milioni moja na laki mbili na ushee benki, na benki wanasema nina laki moja na nusu?" Alikuwa ameshamwahidi mwenye duka la vitambaa Kariakoo kwamba wiki ile anachukua mzigo wa milioni moja. Kwa hiyo haikuwa stori ya hesabu tu. Angeenda kule na maneno matupu.

Tulikuta hundi mbili. Moja ilibaunsi, nyingine ilikuwa imepitwa na muda. Zote mbili zilikuwa zimeandikwa benki kama hela iliyoingia, na zote mbili zinasahihishwa kwa kurudisha deni kwa mteja. Ila hazisahihishwi kwa kiasi cha namna moja, na hilo ndilo watu wengi wanakosea.

Kabla ya hapo tukumbushane daftari lenyewe. Daftari la fedha lina pande mbili. Kushoto ni kuingia, wahasibu wanaita debiti. Kulia ni kutoka, wanaita krediti. Kila upande una safu ya taslimu na safu ya benki, na wengine wana safu ya tatu ya punguzo. Halafu una kurasa za wadaiwa, kila mteja wa mkopo na ukurasa wake: ukimuuzia deni linapanda, akilipa linashuka. Kama wewe unatumia Excel badala ya kaunta buku ni kitu kilekile, safu tu zimehamia kwenye kompyuta.

HUNDI YA KWANZA: ILIYOBAUNSI

Tarehe 3 Machi dada yetu aliiuzia shule moja fulana 60 kwa shilingi 15,000 kila moja. Ankara ikawa 900,000. Aliwaambia wakilipa ndani ya siku 14 atawapunguzia asilimia 5, yaani 45,000. Tarehe 12 Machi shule ikampa hundi ya 855,000. Siku hiyohiyo akaipeleka benki na akaandika vizuri kabisa: kuingia benki 855,000, safu ya punguzo 45,000, na ukurasa wa shule ukasoma sifuri. Daftari lilikuwa na salio la benki 410,000, sasa likasoma 1,265,000.

Mpaka hapo hajakosea kitu. Hundi ukishaipeleka benki unaruhusiwa kuiandika. Kosa ni kuanza kuitumia. Tangu 2015 Benki Kuu ilipoanzisha mfumo wa TACH, hundi za benki tofauti husafiri kama picha kwa mtandao badala ya karatasi kubebwa, kwa hiyo majibu yanakuja haraka kuliko zamani. Lakini bado kuna muda wa kusubiri. Ukiangalia akaunti yako unaweza kuona masalio mawili: moja linahesabu hundi uliyoweka, jingine ni lile unaloweza kulitoa. Hilo la pili ndilo la kumwahidia mtu wa Kariakoo.

Tarehe 17 Machi hundi ya shule ikarudi. Imegongwa R/D, maana yake muulize aliyeiandika. Kwa lugha ya benki hiyo ni njia ya heshima ya kusema mara nyingi kwamba akaunti yake haina hela ya kutosha. Benki ikakata na ada ya kurudishwa hundi, kwa mfano wetu tuseme 20,000 (ada inatofautiana benki na benki, angalia taarifa yako).

Yeye alifanyaje? Alichukua kalamu nyekundu akakata mstari wa tarehe 12. Wadau, usifute. Mstari wa tarehe 12 ni wa kweli, ulipokea hundi na uliipeleka benki. Taarifa ya benki nayo inaonyesha mistari miwili, 855,000 kuingia na 855,000 kutoka. Ukifuta wa kwako, siku ya kulinganisha daftari na benki hutajua ile mistari miwili ya benki imetoka wapi. Kusahihisha ni kuandika mstari mpya, kwa tarehe ya kurudi.

Kwenye daftari la fedha, upande wa kutoka, safu ya benki, tukaandika hivi:

17 Machi. Shule, hundi imerudishwa (R/D): 855,000
17 Machi. Ada ya benki, hundi iliyorudi: 20,000

Salio la daftari likashuka kutoka 1,265,000 hadi 390,000.

Sasa ukurasa wa shule. Hapa ndipo alipouliza kitu cha maana: "Naandika deni la 855,000, si ndiyo? Si ndiyo hundi iliyorudi?" Hapana dada. Ile 45,000 uliisamehe kwa sababu walilipa mapema. Hundi ikirudi maana yake hawakulipa mapema, hawakulipa kabisa. Punguzo limekufa pamoja na hundi. Kwa hiyo shule inadaiwa ankara nzima:

3 Machi. Ankara, fulana 60: 900,000. Anadaiwa 900,000
12 Machi. Hundi: 855,000. Anadaiwa 45,000
12 Machi. Punguzo: 45,000. Anadaiwa 0
17 Machi. Hundi imerudi: 855,000. Anadaiwa 855,000
17 Machi. Punguzo limefutwa: 45,000. Anadaiwa 900,000

Angalia kitu kimoja kidogo. Ile 45,000 haiandikwi kwenye safu ya benki. Nimeona watu wanaandika kutoka benki 900,000 kwa sababu wanataka deni lirudi 900,000. Benki haijawahi kupokea 900,000 kutoka kwa shule, itatoaje? Punguzo linarudi kwa mdaiwa na linapunguzwa kwenye gharama yako ya punguzo ulizotoa, basi. Ukichanganya hapo salio lako la benki litakuwa pungufu ya 45,000 na utatafuta mpaka usiku.

Na kama shule ikileta malipo mengine kesho yake, ikasema ilikuwa sahihi tu haikufanana, si hela kukosekana? Inatokea. Hundi inarudi kwa sababu nyingi: sahihi, maneno na tarakimu kutofautiana, tarehe haijafika, akaunti imefungwa. Ndiyo maana soma sababu kabla hujampigia mteja kwa ukali. Hapo unaweza kuamua kumpa punguzo lake tena, ni biashara yako. Lakini kwenye daftari kwanza linafutwa, halafu siku ya malipo mapya unaliandika upya. Usiliache likining'inia kwenye hundi ambayo haikulipa.

Kuhusu ada ya 20,000. Imetoka kwenye akaunti yako, kwa hiyo lazima iwe kwenye upande wa kutoka, hilo halina mjadala. Swali ni nani anaibeba. Kama ankara yako au makubaliano yenu yanasema mteja atalipa gharama za hundi iliyorudi, iongeze kwenye ukurasa wake, deni liwe 920,000. Dada yetu alikuwa ameshaiongeza. Nikamuuliza: "Uliwaambia wapi?" Hakuwaambia popote. Mhasibu wa shule akamjibu kwa upole kabisa, "Dada, hiyo hatukukubaliana." Kweli hawakukubaliana. Tukaiondoa kwao, ikawa gharama yake ya benki. Tangu siku hiyo ankara zake zina mstari mmoja chini unaosema hivyo.

Mambo mawili nimeyakuta kwa watu wengine, si kwake. La kwanza, mtu hundi ikirudi anaandika "hasara". Siyo hasara. Mteja yupo, anadaiwa. Hasara ya deni lisilolipika ni hatua nyingine kabisa, unafika huko baada ya kudai na kushindwa, na unaiandika kwa tarehe yake. Ukiandika hasara leo, jina la shule linatoka kwenye orodha ya wadaiwa na mwezi ujao unasahau kudai.

La pili ni baya zaidi. Mteja analeta hela badala ya ile hundi, na muuzaji anaiandika kama mauzo mapya. Fulana zilikuwa 60, kwenye daftari zimekuwa 120. Kama unalipa kodi TRA kwa kuangalia mauzo ya mwaka, umejiongezea mauzo ambayo hayapo. Malipo ya deni ni malipo ya deni: kuingia benki au simu, na ukurasa wa mdaiwa kushuka. Mauzo yalishaandikwa tarehe 3 Machi, hayaandikwi tena.

HUNDI YA PILI: ILIYOCHACHA

Tumemaliza ya shule. Daftari linasoma 390,000. Akafungua akaunti: 150,000. Akaniandikia, "Bado." Tofauti ni 240,000 kamili.

Ushauri wangu tofauti ikiwa namba iliyonyooka namna hiyo: usianze kujumlisha upya kurasa zote. Tafuta muamala mmoja wa namba hiyohiyo, au wa nusu yake kwa sababu kitu kilichoandikwa upande usio wake huleta tofauti mara mbili. Tukaanza kurudi nyuma kwenye upande wa kuingia, safu ya benki. Machi hakuna, Februari hakuna. Tukaenda mpaka Agosti mwaka uliopita. Tarehe 20 Agosti: ofisi moja, hundi 240,000, punguzo 10,000. Kwenye taarifa ya benki ya Agosti, Septemba, Oktoba, hakuna kitu kama hicho. Hundi yenyewe tukaikuta ndani ya kitabu cha ankara cha zamani, imekunjwa vizuri kabisa haina hata doa. Hakuwahi kuipeleka benki.

Atawezaje mtu kusahau laki mbili na arobaini? Usimcheke. Siku ile alikuwa na oda za harusi tatu, akaiandika kwenye daftari palepale alipoipokea, na kwa kuwa imeshaandikwa kichwa kikasema imeisha. Hela zake nyingi zinapita kwenye simu, akaunti ya benki haiangalii kila siku. Ndiyo maana mimi nasema hundi iandikwe benki siku unayoipeleka benki, ukiwa na karatasi ya kuwekea mkononi, si siku unayoipokea. Ukiipokea leo utaipeleka kesho, basi iandike kesho.

Hundi ina muda wake. Kwa kawaida ya benki zetu ni miezi 6 tangu tarehe iliyoandikwa juu yake. Angalia vizuri: tangu tarehe ya kwenye hundi, si tangu siku uliyokabidhiwa. Wapo wanaoandika hundi, inakaa kwenye droo ya mhasibu miezi miwili ikisubiri sahihi ya pili, halafu unaitwa kuichukua. Wewe umebakiwa na minne. Hundi yetu ya 20 Agosti ilimaliza muda wake 20 Februari. Ilipopatikana ilikuwa mwisho wa Machi. Imechacha. Ukiipeleka benki itarudishwa, na unaweza kukatwa ada juu yake bure.

Na tafadhali, usichukue kalamu ukageuza 8 iwe nyingine. Hundi iliyobadilishwa tarehe na mtu asiye mwandishi wake ni kughushi, hata kama hela ni yako halali.

Sasa marekebisho. Kwenye daftari la fedha, upande wa kutoka, safu ya benki:

28 Machi. Ofisi, hundi ya 20 Agosti imepitwa na muda, haikupelekwa benki: 240,000

Salio la daftari: 390,000 kutoa 240,000, ni 150,000. Sawasawa na benki. Alinitumia emoji za kucheka nyingi sana.

Ada hakuna, kwa sababu benki haijaigusa hundi hii. Na kwenye taarifa ya benki hutaona mstari wowote, si wa kuingia si wa kutoka. Hii ndiyo njia ya kuzitofautisha ukiwa unalinganisha: iliyobaunsi ina mistari miwili benki na mmoja kwako, iliyochacha kwenye droo ina mmoja kwako na sifuri benki.

Ukurasa wa ofisi sasa. Ankara ilikuwa 250,000, punguzo 10,000, hundi 240,000. Tunarudisha ngapi? Dada yetu, akiwa ameshajifunza kwa shule, akaandika 250,000. Hapa nikamsimamisha. Hawa walilipa kwa wakati. Waliandika hundi nzuri, yenye hela nyuma yake, wakakupa mkononi ndani ya siku mlizokubaliana. Aliyelala ni wewe. Punguzo lao walishalipata kwa haki na linabaki. Deni linalorudi ni 240,000 tu:

Agosti. Ankara: 250,000. Anadaiwa 250,000
20 Agosti. Hundi na punguzo: 240,000 + 10,000. Anadaiwa 0
28 Machi. Hundi imepitwa na muda: 240,000. Anadaiwa 240,000

Ukiandika 250,000 ukawapelekea taarifa ya deni, mhasibu wao atafungua kitabu chake aone 240,000, na mtaanza kubishana juu ya elfu kumi wakati wewe ndiye unayeomba msaada wa hundi mpya. Sipendi kesi za namna hiyo, unapoteza mteja kwa bei ya chakula cha mchana.

Kuna hali nyingine ya hundi iliyochacha. Kama hukuwa umeiandika kabisa kwenye daftari, uliitia tu droo, basi daftari la fedha halina kosa, usiguse kitu. Ukurasa wa mteja bado unasoma 250,000. Unaomba hundi mpya, na siku ukiipeleka benki ndipo unaandika 240,000 na punguzo 10,000. Watu hufanya marekebisho ya kitu ambacho hakikuandikwa, wanajikuta wametoa benki hela ambayo haikuwahi kuingia.

KUDAI UPYA

Hundi kuchacha hakuui deni. Karatasi imeisha nguvu, lakini ulichouza umeuza. Kwa sheria yetu ya ukomo wa muda wa mashauri, madai ya mkataba yana miaka 6. Kwa hiyo usiogope kupiga simu, ila pia usijivute mpaka watu waliokufahamu pale ofisini wahame.

Ukienda, nenda na hundi yenyewe ya zamani. Hakuna mhasibu atakayekuandikia mpya wakati ya zamani iko mfukoni mwako, na hata mimi nisingeandika. Andika barua fupi: namba ya hundi, tarehe, kiasi, ankara gani, na kwamba haikuwahi kuwasilishwa benki. Kabla hujaikabidhi piga picha pande zote mbili, na wakikupokea barua wakugongee muhuri nakala yako. Wao nao wana kazi yao, lazima waifute ile ya zamani kwenye vitabu vyao ndipo waandike nyingine. Dada yetu alienda na lugha nzuri, "Shikamoo mama, samahani, kosa ni langu." Iliwachukua kama wiki mbili. Hundi mpya ya 240,000 akaipeleka benki siku ileile, akaandika kuingia benki 240,000, ukurasa wa ofisi ukarudi sifuri.

Shule ilikuwa ngumu zaidi. Hapo unadai mtu ambaye hela hana, hundi nyingine ya aina ileile haikusaidii. Kabla ya kuipeleka tena benki hundi iliyobaunsi, mpigie aliyeiandika umuulize kama sasa hela ipo, la sivyo unaweza kukatwa ada mara ya pili. Yeye aliomba walipe kwa lipa namba au waweke moja kwa moja kwenye akaunti. Wakalipa 500,000 wazazi walipoanza kuleta ada, deni likabaki 400,000, na akaacha kuwapa mzigo mwingine mpaka hiyo iishe.

Jambo moja kwenye orodha ya wadaiwa. Ukiandika nani anadaiwa tangu lini, hesabu kuanzia tarehe ya ankara, si tarehe ya kurudi hundi. Deni la shule lina umri tangu 3 Machi, la ofisi tangu Agosti. Ukilihesabu la ofisi kuanzia 28 Machi litaonekana changa, utalipa siku thelathini za kupumzika, na lenyewe limeshakomaa.

Kabla ya kufunga tukapima kazi yote. Safu ya benki ilishuka kutoka 1,265,000 hadi 150,000, yaani 1,115,000 imetoka. Humo 20,000 ni ada, inabaki 1,095,000 iliyorudi kwa wadaiwa. Lakini wadaiwa wameongezeka 1,140,000, yaani shule 900,000 na ofisi 240,000. Tofauti ni 45,000, ambayo ni lile punguzo la shule lililofutwa. Namba zote zina mahali zilipotoka. Kama kwako kuna kiasi kinachobaki bila maelezo, rudi kwanza kwenye punguzo, mara nyingi kosa liko hapo.

Na kwa wale mnaoandika hundi zenu wenyewe kuwalipa wauzaji wa jumla: mambo yanageuka. Hundi uliyotoa ikikaa miezi 6 bila kupelekwa benki, unaandika kuingia benki kwa tarehe ya leo na kumrudishia yule muuzaji deni lake kwenye ukurasa wa wanaokudai wewe, yaani wadai wako. Hela hiyo itaonekana nyingi benki, lakini si mapato. Bado ni yake, na siku akija na ile karatasi iliyokunjwa utamwandikia nyingine.

Mtu wa Kariakoo? Dada alimpigia kabla ya kwenda, akamwambia ukweli. Akachukua mzigo wa 150,000, wa oda iliyokuwa imeshalipiwa nusu, na mwingine akaufuata shule ilipolipa ile laki tano.